Shajara ya mradi: kuchota matokeo ya riadha na kunasa safu zinazobadilika kimyakimya

12 Januari 2025: Kinachotafutwa

Shirikisho la riadha ninalolifuatilia huweka matokeo yake hadharani kwenye tovuti, ukurasa mmoja kwa kila mbio na jedwali moja ndani ya kila ukurasa. Kwa mtu anayetaka kujua nani alishinda Jumamosi, hiyo inatosha. Kwa anayetaka kulinganisha mbio za mita 800 za misimu minne haitoshi, kwa kuwa hakuna faili la kupakua.

Ninachotaka kupata ni majedwali matatu: mashindano, mbio na matokeo. Katika jedwali la matokeo, mstari mmoja ni mkimbiaji mmoja katika mbio moja, na safu moja hubeba kitu kimoja tu. Hii ina maana kwamba "DNF", alama ya asiyemaliza mbio, haikai kwenye safu ya muda. Inakaa kwenye safu yake ya hali, na safu ya muda inabaki tupu.

Kabla ya kuandika chochote nilisoma masharti ya tovuti na faili lao la `robots.txt`. Kurasa za matokeo hazikukatazwa. Skripti inapumzika sekunde 5 kati ya ukurasa na ukurasa, na inajitambulisha kwa jina la mradi na anwani ya barua pepe ili wakichoka nayo waniandikie badala ya kunifungia. Tarehe za kuzaliwa ninaziacha hukohuko, maana wakimbiaji wengi wa mbio za vijana bado ni watoto.

Uamuzi mmoja wa siku ya kwanza ndio uliokuja kuokoa kazi yote: ukurasa unahifadhiwa diski jinsi ulivyokuja, ukiwa na tarehe ya kuchukuliwa, kabla haujasomwa. Usomaji unafanywa kutoka kwenye nakala hiyo, si kutoka mtandaoni. Misimu minne ikibanwa kwa gzip haikufika MB 50, na gharama ilikuwa kifurushi cha kawaida cha intaneti na usiku mmoja wa kuiacha kompyuta ikifanya kazi.

26 Januari 2025: pandas yatupwa nje

Nilianza na `pandas.read_html`, kama wengi. Inasoma jedwali kwa mstari mmoja wa msimbo na matokeo yanaonekana safi. Shida ni kwamba inajaribu kukusaidia hata pale ambapo hukuomba msaada.

Baadhi ya kurasa za zamani zimeandika desimali kwa mkato: mita 100 kwa sekunde 10,23. `read_html` kwa kawaida yake huchukulia mkato kuwa kitenganishi cha maelfu, kwa hiyo huyo mtu akawa amekimbia kwa sekunde 1023. Hakuna kosa lililoripotiwa. Nilikuwa nimeweka kikomo cha chini tu, kwamba hakuna muda unaoruhusiwa kuwa bora kuliko rekodi ya dunia (9.58 ya Usain Bolt kwa mita 100, 1:40.91 ya David Rudisha kwa mita 800), na sekunde 1023 ziko salama kabisa upande wa pili. Sasa kila mbio ina kikomo cha juu pia.

Mkato unaweza kuzimwa kwa `thousands=None`. Kilichonifanya niachane na pandas kwenye hatua hii ni kitu kidogo zaidi. Ikisoma "10.20" huifanya namba 10.2. Kwenye riadha hizo si kitu kimoja. Muda wa saa ya mkononi huandikwa kwa sehemu za kumi, na wa mashine kwa sehemu za mia. Sufuri ya mwisho ndiyo inayokuambia muda ulipimwaje, na ikishapotea huwezi kuirudisha.

Kwa hiyo kila seli inasomwa kama maandishi, na kugeuza kunafuata baadaye kwenye hatua yake:

```python
from lxml import html

def soma(ukurasa):
    j = html.fromstring(ukurasa).xpath('//table[@id="results"]')[0]
    return [[" ".join(c.text_content().split())
             for c in tr.xpath("./th|./td")]
            for tr in j.xpath(".//tr")]

def sekunde(s):
    jumla = 0
    for sehemu in s.replace(",", ".").split(":"):
        jumla = jumla * 60 + float(sehemu)
    return jumla
```

Kazi ya pili, `sekunde`, inashughulikia "1:43.20", "1:02:13" na hata "62:13" bila kuulizwa ni mbio gani. Maandishi ya asili ninayabakiza kwenye safu ya pembeni, `muda_ghafi`, ili siku yoyote niweze kurudi kuangalia.

16 Februari 2025: Safu iliyojipenyeza

Huu ndio wakati mradi ulipogeuka. Hadi hapa nilidhani kazi kubwa ni kuchota. Kumbe kuchota ni sehemu ndogo, na sehemu kubwa ni kujua kama ulichochota leo bado ni kile ulichochota juzi.

Vichwa vya jedwali la tovuti vilikuwa `Pos`, `Bib`, `Name`, `Club`, `Time`. Skripti ilikuwa na ukaguzi: kama vichwa si hivyo vitano kwa mpangilio huo, simama. Ukaguzi huo haukulia hata mara moja. Wakati huohuo matokeo mapya ya mita 800 yalikuwa yakionyesha wakimbiaji wa mkoani wakiwa na kasi ya kupendeza sana.

Nilipofungua HTML yenyewe ndipo ikaonekana. Shirikisho liliongeza safu ya muda bora wa mkimbiaji, rekodi yake binafsi, na kuiweka kabla ya muda wa siku ile. Lakini badala ya kuongeza kichwa kipya walikinyoosha kile cha zamani kifunike safu zote mbili:

```html
<th>Club</th><th colspan="2">Time</th>
...
<td>...</td><td class="small">1:46.80</td><td>1:47.62</td>
```

Kwenye kivinjari inaeleweka, kwa kuwa rekodi binafsi ni maandishi madogo ya kijivu na jicho linaruka moja kwa moja hadi kwenye muda wa mbio. Kwa skripti, vichwa bado ni vitano, ila kila mstari una seli sita. Na mstari uliounganisha vichwa na seli ulikuwa huu:

```python
r = dict(zip(vichwa, seli))
```

`zip` huishia pale orodha fupi inapoishia, wala haisemi kitu. Seli ya tano, rekodi binafsi, ikavaa jina la `Time`. Seli ya sita, muda halisi, ikatupwa.

Dawa ya sehemu hii ni fupi. Tangu Python 3.10 unaweza kuandika `zip(vichwa, seli, strict=True)`, na ikikutana na urefu usiolingana inatoa kosa. Natamani hilo ndilo lingekuwa tabia yake ya kawaida.

Lakini dawa hiyo inaponya kesi hii moja tu. Kama wangeiweka rekodi binafsi mahali pa muda na kuhamishia muda mahali pengine, idadi ya seli isingebadilika. Nilihitaji ukaguzi usiotegemea umbo la ukurasa bali unaotegemea riadha yenyewe. Hebu tutazame fainali moja jinsi ilivyoingia. Safu ya kati ndiyo iliyohifadhiwa, na ya kulia ndiyo iliyopaswa kuhifadhiwa:

```
Pos   iliyohifadhiwa   halisi
1     1:46.80          1:47.62
2     1:45.11          1:47.90
3     1:47.05          1:48.33
4     1:48.71          1:49.02
-     1:46.40          DNF
```

Mtu akiisoma seli moja moja, kila muda unaaminika. Hakuna hata mmoja unaovunja kikomo chochote. Lakini jedwali kwa ujumla wake linasema mambo mawili yasiyowezekana. Aliyekuwa wa pili amekimbia haraka kuliko wa kwanza, na aliyeacha mbio njiani ana muda wa kumaliza.

Kutokana na hayo nimepata kaguzi mbili. Ya kwanza inapanga wakimbiaji kwa nafasi na kuhesabu ni mara ngapi muda unarudi nyuma:

```python
def rudi_nyuma(mbio):
    m = [r["sekunde"] for r in sorted(mbio, key=lambda r: r["nafasi"])]
    return sum(b < a for a, b in zip(m, m[1:]))
```

Inapokea waliomaliza tu, wenye nafasi. Alama ni `<`, si `<=`, kwa sababu wawili wanaweza kuandikiwa muda uleule hadi sehemu ya mia na bado wakapewa nafasi tofauti, pale picha ya mstari wa mwisho inaposomwa hadi sehemu ya elfu. Kwa mbio za uwanjani jibu linalokubalika ni sifuri. Tahadhari: inafanya kazi ndani ya kundi moja la mchujo au pale nafasi zinapopangwa kwa muda wa makundi yote. Ukichanganya makundi mawili ambayo kila moja lina nafasi zake 1 hadi 8, italia bure.

Ukaguzi wa pili ni rahisi zaidi na nimeupenda zaidi. Unahesabu wasiomaliza. Msimu mzima wa mbio za kati na ndefu hauwezi kupita bila hata mmoja kuacha njiani, kutofika mstarini au kuondolewa. Hesabu ya DNF, DNS na DQ ikishuka ghafla hadi sifuri kwenye kundi la kurasa mpya, kuna kitu kimekaa mahali pa zile herufi.

Kaguzi hizi mbili zinasaidiana. Mbio yenye watu watatu inaweza kupita ya kwanza kwa bahati tu, kwa sababu wenye rekodi bora mara nyingi ndio wanaotangulia. Hapo hesabu ya wasiomaliza katika mashindano mazima ndiyo inayobaki.

Kurekebisha data kulichukua dakika chache, kwa kuwa nakala ghafi zilikuwepo na hapakuwa na haja ya kurudi kwenye tovuti.

16 Machi 2025: Kichwa kilekile, saa nyingine

Kesi iliyofuata ni ile ambayo hakuna ukaguzi wa umbo ungeiona, kwa sababu umbo halikubadilika hata nukta. Vichwa ni vilevile na seli ni tano kama mwanzo, zikiwa kwenye HTML ileile. Kilichobadilika ni maana ya `Time` kwenye mbio za barabarani.

Mbio za barabarani zina saa mbili. Ya kwanza inaanza mlio wa bastola unaposikika, na ni moja kwa wote. Ya pili ni ya chipu iliyobandikwa kwenye namba ya kifuani. Inaanza mkimbiaji anapokanyaga mkeka wa mwanzo na kuishia anapokanyaga wa mwisho. Anayesimama mbele kabisa anazipata zote mbili karibu sawa. Anayesimama nyuma ya umati wa watu elfu mbili anaweza kutembea dakika mbili au tatu kabla ya kuufikia mstari wa kuanzia, na dakika hizo zimo kwenye saa ya bastola lakini hazimo kwenye ya chipu. Kanuni za World Athletics zinautambua muda wa bastola kuwa ndio rasmi, na nafasi za mbio hupangwa kwa huo. Muda wa chipu unaruhusiwa kutolewa, ila si rasmi.

Hadi msimu uliopita tovuti ilionyesha muda wa bastola. Sasa inaonyesha wa chipu, huku safu ya `Pos` ikiendelea kufuata bastola. `rudi_nyuma` ililia kwa nusu marathoni moja, na si kwa mara moja au mbili bali kwa mamia.

Jambo la kuangalia hapa ni mahali ililia. Watu ishirini wa mwanzo walikuwa safi kabisa. Vilio vilianza kidogokidogo baada ya hapo na kujaa katikati na nyuma. Wapo wanaokagua data kwa kutazama mistari kumi ya juu, na kwa kesi hii wasingeona chochote kamwe, kwa kuwa walio juu ndio waliosimama kwenye mstari wa kuanzia.

Kujua kwamba kuna kitu kimebadilika ni hatua ya kwanza, lakini kujua ni nini kimebadilika kulihitaji ushahidi. Nilichukua nusu marathoni ya mwaka jana ambayo nakala yake ghafi ya Januari ninayo, nikaichota upya, nikazilinganisha kwa namba ya kifuani. Tofauti ilikuwa na sura yake:

Mbele ilikuwa sekunde 0 hadi 2. Katikati ilizunguka kwenye sekunde arobaini. Nyuma ilipita dakika mbili. Na hakuna hata mtu mmoja ambaye muda wake mpya ulikuwa mkubwa kuliko wa zamani. Tofauti ya upande mmoja tu, inayokua kadiri mtu alivyosimama nyuma, haiwezi kuwa masahihisho ya makosa. Masahihisho huenda pande zote mbili na hugusa watu wachache. Hii ni saa nyingine.

Palikuwa na kasoro moja iliyonisumbua. Watu kadhaa waliotawanyika katikati walikuwa na tofauti ya sifuri kamili, wakiwa wamezungukwa na wenye sekunde arobaini. Jamaa yangu mmoja anayefanya kazi ya kupima muda kwenye mbio alinipa jibu bila hata kufikiri: "Mkeka wa mwanzo haukuisoma chipu. Mtu kaziba namba kwa jaketi, au walipita wengi kwa pamoja. Ikikosekana, programu inampa muda wa bastola." Kwa hiyo hata safu ya chipu ni mchanganyiko. Sifuri kamili kwa mtu aliyemaliza wa mia nane ninaiwekea alama ya kutiliwa shaka.

Kama ingepita bila kuonekana, uchambuzi ungesema kwamba mkimbiaji wa kawaida wa nusu marathoni ameboresha muda wake kwa karibu dakika nzima ndani ya mwaka mmoja, huku washindi wakiwa palepale. Ingekuwa makala nzuri sana, na ya uongo.

Marekebisho: jedwali la matokeo halina tena safu ya `muda`. Lina `muda_bastola` na `muda_chipu`, na moja inaweza kuwa tupu. Kila mstari pia unabeba tarehe ya nakala ghafi uliyotoka. Muda wa chipu uliochotwa upya hauandikwi juu ya muda wa bastola wa Januari. Unakaa kando yake.

6 Aprili 2025: Kurasa mashahidi

Ulinganisho ule wa nakala ya zamani na mpya ulinifaa kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo nimeufanya wa kudumu. Nimechagua kurasa chache za zamani na kuziita mashahidi. Kila wiki, kabla ya kuchota kipya chochote, skripti inazichota hizo na kuzilinganisha na nakala zilizohifadhiwa. Mbio ya mwaka 2022 imekwisha, na matokeo yake hayana sababu ya kubadilika. Yakibadilika, ama ukurasa umebadilika ama historia imesahihishwa.

Kutenganisha hayo mawili ndiyo kazi. Kanuni yangu ya mwanzo ilikuwa hii: mistari michache ikitofautiana ni masahihisho, na safu nzima ikitofautiana ni mabadiliko ya ukurasa. Ikaharibika mapema. Shahidi mmoja wa mita 5000 alilia kwamba karibu safu yote ya nafasi imebadilika, wakati ukurasa ulikuwa uleule. Mkimbiaji aliyekuwa wa tatu alikuwa ameondolewa kwenye matokeo, na wote waliomfuata wamepanda nafasi moja. Jambo hili ni la kawaida katika riadha. Adhabu ya dawa zilizokatazwa inaweza kuja miaka baada ya mbio na kufuta matokeo ya nyuma.

Sasa ulinganisho unafanyika kwa namba ya kifuani, kamwe si kwa namba ya mstari, na unaanza na muda kabla ya nafasi. Mwenye DQ mpya akionekana, nafasi zilizo chini yake zinatarajiwa kupungua kwa moja huku muda wa kila mtu ukibaki ulivyo. Ikiwa hivyo, skripti inaandika masahihisho kwenye daftari lake na kuendelea. Muda wa watu wengi ukibadilika, inasimama na hakuna kinachoingia hadi mtu aangalie.

Uteuzi wa mashahidi una maana kuliko wingi wao. Ninao ukurasa wenye desimali za mkato, mmoja wenye saa ya mkononi, mmoja wenye DNF na DQ pamoja, mmoja wa mbio fupi yenye wawili waliolingana hadi sehemu ya mia, na nusu marathoni yenye umati. Kila mmoja uliwahi kunisumbua au unaweza kunisumbua.

27 Aprili 2025: Wakimbiaji mia kamili

Tatizo fupi, ila baya. Nusu marathoni ile shahidi ilirudi ikiwa na watu 100. Seva ilijibu kwa namba 200, yaani ombi limefaulu, jedwali lilikuwa zuri na wale 100 walifanana na nakala ya zamani sekunde kwa sekunde. Ulinganisho wangu ulikuwa unauliza kama waliopo wanalingana, na haukuuliza wengine wako wapi.

Tovuti imeanza kugawa matokeo marefu kwa kurasa ndogo, `?page=2` na kuendelea. Namba ya mviringo ndiyo inayoifichua: mbio nyingi tofauti zikiwa na waliomaliza 100 kamili, hiyo si bahati. Ukaguzi mpya unakataa kushuka kwa idadi ya mistari kwenye shahidi yeyote, na unatoa onyo pale idadi ileile kubwa inapojirudia kwenye mbio tofauti.

Kwa atakayeiga: usitegemee ukurasa tupu kukuambia kwamba umefika mwisho. Hapa ukiomba ukurasa uliopita mwisho unapewa wa mwisho tena, na kitanzi kisicho na breki kitazunguka usiku kucha kikiisumbua seva ya watu. Skripti inasimama pale ukurasa unapokosa kuleta namba ya kifuani hata moja mpya.

18 Mei 2025: Siku na mwezi

Tarehe za mashindano zilikuwa siku/mwezi/mwaka, na skripti ilizisoma kwa `"%d/%m/%Y"` bila kubahatisha. Wiki hii kurasa mbili zilikataa kusomeka: `04/27/2025` haina mwezi wa 27. Hizo mbili zilipiga kelele, na ndizo zilizonifanya niangalie zilizonyamaza. Tovuti imegeuza mpangilio kuwa mwezi/siku, kwa kurasa zote, na kila tarehe iliyo kati ya 1 na 12 imeingia kwenye jedwali ikiwa imepinduka bila kosa lolote.

Nilijaribu kwanza ujanja wa siku za wiki. Mashindano haya hufanyika Jumamosi na Jumapili. Mashindano ya Jumapili 2 Machi 2025 sasa yanaandikwa `03/02/2025`, skripti inayasoma kuwa ya 3 Februari, na hiyo ni Jumatatu. Yamekamatwa. Lakini ya Jumapili 4 Mei yanasomwa kuwa ya 5 Aprili, nayo ni Jumamosi, kwa hiyo yanapita. Ujanja unanusa tatizo ila hauwezi kulisafisha.

Kilichofanya kazi ni kuacha kuamua ukurasa mmoja mmoja. Tarehe zote za mchoto mmoja zinakusanywa, na mipangilio yote miwili inajaribiwa kwa kundi zima:

```python
def mpangilio(tarehe):
    wanaofaa = [f for f in ("%d/%m/%Y", "%m/%d/%Y")
                if all(inasomeka(t, f) for t in tarehe)]
    if len(wanaofaa) != 1:
        raise ValueError(wanaofaa)
    return wanaofaa[0]
```

Hapa `inasomeka` ni `strptime` iliyofungwa ndani ya `try`. Mpangilio mmoja tu ukifaa, ndio huo. Miwili ikifaa, kundi halina tarehe hata moja iliyovuka 12 na haliwezi kujiamulia, kwa hiyo skripti inakataa. Isipofaa hata mmoja, tovuti inachanganya yote miwili, na hilo ni la kuangaliwa kwa macho. Ili kundi lisikose kamwe tarehe ya kuamulia, tarehe za mashahidi zinaingizwa humohumo, na nimeongeza shahidi wa tarehe 27.

Bado sina ukaguzi wa safu ya klabu. Haina mpangilio wala kikomo, na majina yake hubadilika kwa sababu halali kila msimu. Kwa sasa ninahesabu tu klabu mpya kwa kila mchoto, na zikizidi robo ya zote kwenye mbio za shahidi skripti inasimama. Kizingiti hicho nimekikisia, nitakirekebisha msimu wa mbio za nyika ukiisha.